Miezi 223 ndani ya Shaba

Katika mwaka wa 1900 wapiga mbizi wa sifongo kutoka kisiwa cha Simi, wakiongozwa na nahodha Dimitrios Kontos, walikuta karibu na kisiwa kidogo cha Antikithera, baina ya Krete na bara la Uyunani, mabaki ya jahazi lililozama katika karne ya kwanza kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Na miongoni mwa masanamu na mitungi iliyopandishwa juu palikuwamo bonge la shaba lililoliwa na chumvi, ambalo halikutazamwa na mtu mpaka mwaka wa 1902, meno ya gurudumu yalipodhihiri ndani yake katika jumba la makumbusho la Athene. Bonge hilo lilikuwa mabaki ya chombo kilichokuwa ndani ya kasha la mbao ambalo mtu angeliweza kulikumbatia kwa mkono mmoja, na leo vipande vyake vyahesabiwa 82, vyenye magurudumu 30 ya meno. Mwanahistoria wa sayansi Derek de Solla Price alitoa uchambuzi wake mkubwa mwaka wa 1974 kwa msaada wa picha za eksirei, lakini kazi ya upande wa nyuma wa chombo haikueleweka sawasawa ila baada ya mwaka wa 2005, ilipopelekwa Athene mashine ya eksirei yenye uzito wa tani 8, ikakikata kila kipande kwa mwanga bila ya kukigusa, ikasoma na herufi zilizozikwa ndani ya kutu.

Fundi aliyekitengeneza alikabiliwa na tatizo ambalo mtu wa Unguja analijua, kwani sisi twahesabu Ramadhani na Mfungo Tatu kwa mwaka wa mwezi, wenye siku 354, ilhali Nairuzi ya Makunduchi, mwaka wa siku 365 ambao kwa miongo yake mabaharia na wakulima walipimia pepo na mvua, hufuata jua. Kuzisuluhisha hesabu hizi mbili si jambo gumu mno, maana miaka 19 ya jua hulingana takriban na miezi 235, na uhusiano huo fundi aliuchora katika mzinguko wa juu wa mgongo wa kasha. Kupatwa kwa jua ndiko kunakotaka jambo la tatu.

Laiti njia ya mwezi na njia ya jua mbinguni zingekuwa moja, jua lingepatwa kila mwisho wa mwezi. Lakini njia hizo zimepishana kidogo, nazo hukutana mahali pawili tu, ambapo wanafalaki wa Kiarabu walipaita Rasi na Dhanabu, yaani kichwa na mkia. Jua hupatwa pale tu ambapo mwezi wafikia mwisho wake karibu na mojawapo ya mahali hapo. Watu wa Babeli, kwa kuandika walichokiona kizazi baada ya kizazi, waligundua kuwa miezi 223 ikitimia, mwezi huwa umerudi Rasini mara 242, na umeikaribia dunia kwa ukaribu wake wa mwisho mara 239, na hesabu zote tatu hukutana katika siku 6,585 na thuluthi moja, ambazo ni miaka 18 na siku 10 au 11. Basi kupatwa kulikotokea leo kutarejea baada ya muda huo, kwa sura iliyo karibu na ile ile.

Ndiyo maana gurudumu kubwa la nyuma lina meno 223, hesabu ambayo haigawanyiki kwa nambari yoyote ila moja na yenyewe, na ambayo kwa hiyo haiepukiki kwa kutumia magurudumu madogo zaidi. Gurudumu hilo na wenzake huusukuma mshale juu ya mfereji uliojipinda mizunguko minne, uliogawanywa vyumba 223, kimoja kwa kila mwezi. Na katika vyumba vya miezi ya hatari zimechongwa alama: herufi ya mwezi au ya jua, na saa ambayo jambo litatukia. Chumba kisicho na alama ni mwezi wa salama. Ukitaka kujua ya mbele, wazungusha mpini wa ubavuni hadi tarehe uitakayo, kisha wasoma mshale ulipo. Na mfereji ukifika mwisho, mshale hurudishwa mwanzo kwa mkono.

Tatizo ni ile thuluthi ya siku. Kwa saa 8 hizo dunia huwa imegeuka thuluthi ya mzunguko wake, na kivuli huangukia bara jingine. Lakini mizunguko mitatu ikipita, thuluthi tatu zatimiza siku, na kivuli hurudi upande wake. Fundi aliliweka hili katika duara dogo lenye sehemu tatu: moja tupu, moja yenye 8, moja yenye 16, ambazo ni saa za kuongeza juu ya zile zilizoandikwa chumbani.

Tazama mfano wa kwetu. Tarehe 31 Julai 1962, wakati Tanganyika haijatimiza mwaka tangu uhuru, jua lilipatwa kwa mfano wa pete, na kivuli kikapita Afrika ya Magharibi, kikaja Tanganyika alasiri. Mwenzake wa tarehe 10 Agosti 1980 alionekana Amerika ya Kusini. Wa tarehe 22 Agosti 1998 akaonekana Sumatra. Na wa tatu akarudi nyumbani tarehe 1 Septemba 2016, kivuli kikavuka kusini mwa Tanzania, na watu wakakusanyika Rujewa kuitazama pete. Unguja ilikuwa nje ya njia hiyo, jua likapatwa sehemu tu. Na aliyesimama wakati huo chini ya mitondoo ya Jozani, mwanga ukipenya katika nyufa za majani, aliweza kuona ardhini vimwezi vingi vyembamba badala ya madoa ya duara, kwani kila upenyo huchora sura ya jua. Baina ya mwaka wa 1962 na wa 2016 zimepita siku 19,756, na chombo kingetaja siku yenyewe barabara.

Saa, hata hivyo, kingeikosa. Kwa kanuni ya duara dogo, kupatwa kwa mwaka wa 2016 kungerudi kwenye saa ile ile ya 1962, ilhali kilele chake kilikuja karibu saa 3 mapema, adhuhuri badala ya alasiri. Sehemu moja ya kosa ni kuwa thuluthi hiyo si thuluthi kamili. Na kubwa zaidi ni kuwa jua lilikuwa limesogea siku 32 katika mwaka, na mwendo wake mbinguni hauko sawa katika kila msimu. Kivuli nacho huwa kimehama, na aliye nje yake huona sehemu tu, au haoni chochote. Chombo chatoa siku ya hatari, mahali hakitoi.

Kwa ajili hiyo nashuku neno la wale wanaosema kuwa chombo hiki kilikokotoa kupatwa. Upande wa nyuma haukokotoi kitu, wakumbuka. Ni daftari la Babeli lililogeuzwa shaba, na mtu angeweza kutabiri vivyo hivyo kwa ubao na vijiwe 223, ingawa kwa usumbufu.

Nadharia imo mahali pengine, na ndiyo iliyonishangaza zaidi. Mwezi hauendi kwa mwendo mmoja: huharakisha ukaribiapo dunia na kutulia uwapo mbali, na mahali pa ukaribu huo napo huzunguka, mzunguko mmoja kwa takriban miaka 9. Wayunani walilieleza kwa duara ambalo kitovu chake kimeondolewa katikati. Fundi akachukua magurudumu mawili yenye meno 50 kila moja, akayapandisha moja juu ya jingine, lakini ekseli zao akaziachanisha kwa milimeta 1 na kitu. La chini likawa na kijiti kilichosimama, la juu likawa na mwanya mrefu, na kijiti hicho kikiteleza ndani ya mwanya, mwendo ulio sawa chini hutoka juu ukiwa wa haraka mara hii na wa polepole mara ile, sawasawa na mwezi. Kisha magurudumu hayo mawili aliyapandisha juu ya gurudumu lile lile la meno 223, kwa kuwa alikuwa amelipangia mwendo wa mzunguko mmoja katika miaka 9 kasoro kidogo. Hesabu ilikubali kwa sababu aliingiza gurudumu la meno 53 mahali pawili, mara likizidisha na mara likigawanya, hata athari yake ikafutika katika mshale wa kupatwa na kubaki katika mwezi. Mtu hapati jambo hilo kwa kubahatisha.

Ni kweli kuwa meno yake yalichongwa kwa mkono, yenye ncha za pembe tatu, hivyo gurudumu hushika na kuachia, na ulegevu huo ukijikusanya katika mfululizo mrefu waweza kuupeleka mshale upande usio wake. Pengine usahihi wa mawazo ulizidi usahihi wa tupa. Wala sanaa hii haikupotea yote: yapata miaka elfu moja iliyopita, Al-Biruni alieleza kasha la magurudumu manane lionyeshalo umri wa mwezi na mahali pa jua, na katika Oksfodi imehifadhiwa asturlabu ya Isfahani, iliyotengenezwa na Muhammad bin Abi Bakr katika miaka ya 1220, ambayo mgongoni mwake magurudumu ya meno yangali yanaonyesha mwezi ukijaa na kupungua. Magurudumu yake ni machache kuliko ya Antikithera, na kijiti ndani ya mwanya hakimo.