Kalenda Inayohesabiwa Kinyumenyume

Kalenda ya mama mmoja niliyemtembelea Machakos, mwenye ekari moja na nusu, haianzi na siku ya kupanda. Inaanzia Krismasi. Ukambani mvua ya kutegemewa zaidi ni ya vuli, nayo hukatika mwishoni mwa Desemba. Kutoka hapo anahesabu akirudi nyuma. Mahindi yake ni Katumani, mbegu ya muda mfupi iliyozalishwa katika kituo cha utafiti chenye jina hilo, hapohapo Machakos. Hutoa ndevu kama siku 60 baada ya kupandwa. Ili ndevu zitokee udongo ukiwa bado na maji, mbegu iwe imelowa siku za kwanza za Novemba.

Akiulizwa siku chache zina uzito gani, huchukua gunzi la kipande alichochelewa kukipanda. Punje moja hapa, pengo pale, kama kinywa cha kibogoyo. Mahindi yalirefuka vizuri, lakini ndevu zilitoka katika jua la mwishoni mwa Januari, chavua haikushika.

Basi katikati ya Oktoba hupanda nusu ya shamba katika vumbi. Mbegu hufukiwa vidole vinne kwenda chini, ili manyunyu ya siku moja yasiifikie na kuiamsha bure. Baadhi huliwa na kwale na mchwa. Hilo analijua, ndiyo maana nusu ya pili huisubirisha. Mvua ikinyesha, huchimba kwa jembe. Unyevu ukiwa haujafika shubiri moja, hurudi nyumbani, hata majirani wakiwa mashambani.

Kati ya mistari ya mahindi huweka mbaazi za muda mrefu, na hapo ndipo vuli inaposhikana na masika. Februari mahindi huvunwa, mabua yakakatwa, mbaazi zikabaki zimesimama. Katikati ya Machi, masika ikikaribia, mahindi mapya huingia kwenye nafasi zilizoachwa. Masika ya huku mara nyingi huwa haba, na mahindi yake huweza kukauka kabla ya kubeba. Mbaazi, zenye mizizi iliyokwisha kwenda chini tangu vuli, hunywa mvua zote mbili na kuvunwa karibu na Agosti.

Lakini nilichokipenda zaidi ni mstari mmoja aliouchora kwa kalamu nyekundu kwenye tarehe 15 Novemba. Mvua ikichelewa kupita hapo, mbegu ya mahindi iliyosalia hurudi kwenye debe, naye hutoa ndengu, ambazo hukomaa kwa miezi miwili na kidogo.

“Mvua siijui itakuja lini,” aliniambia akifunga debe. “Ninachojua ni siku ya kuacha kuingojea na mahindi.”