Pointi Ambazo Msitu Haujaziona

Kutoka kilomita 786 juu, mpunga uliosimama majini na mikoko hufanana mno. Kwenye delta ya Rufiji, ambako wakulima wamefyeka mikoko sehemu za kaskazini ili walime mpunga, setilaiti ya Sentinel-2 inaona majani mabichi juu ya tope lililolowa huku na huku. Anayetaka ramani inayotenganisha viwili hivyo atachora poligoni juu ya picha, hii mikoko, hii mpunga, hii maji, kisha ataipa kompyuta kazi ya kujifunza.

Njia inayopendwa ni msitu wa nasibu, alioueleza Leo Breiman mwaka 2001. Ni mamia ya miti ya maamuzi. Kila mti hufunzwa kwa sampuli yake iliyochotwa kwa bahati nasibu, na kila tawi linapogawanyika huruhusiwa kuchagua kati ya bendi chache tu za picha. Mwisho miti yote hupiga kura. Kuongeza miti hakuuharibu msitu. Kura hutulia tu. Hatari iko kwingine: mti ukiachwa ukue hadi kila jani libaki na aina moja, utakariri karibu kila pikseli uliyofunzwa nayo. Ndiyo maana usahihi wa asilimia 99 juu ya data za mafunzo haunishtui hata kidogo. Msitu wowote wa miti kama hiyo huupata.

Ujanja unaowaponza wengi unakuja baadaye, kwa sababu unaonekana wa haki. Tuseme nina poligoni 40, kila moja na pikseli 100. Ninazichanganya zote 4,000, natenga asilimia 30 za kupimia, na napata usahihi wa asilimia 97. Lakini pikseli ya mita 10 na jirani yake zimetoka kwenye shamba moja, siku moja, chini ya ukungu uleule. Karibu kila pikseli niliyoitenga ina ndugu wa damu aliyebaki darasani. Hata kipimo cha ndani cha msitu, kinachotumia theluthi hivi ya sampuli ambayo kila mti haukuiona, kina ugonjwa huohuo. Kwa kweli nina ushahidi wa sehemu 40, si 4,000. Nikitenga poligoni nzima badala ya pikseli, na usahihi ukashuka hadi asilimia 86, hapo nimeanza kuona ukweli.

Nimeanza tu, maana poligoni hizo nilizichora mwenyewe. Jicho langu lilichagua mikoko mirefu iliyoshonana kando ya mikondo, likaikwepa mikandaa mifupi inayosimama mojamoja kwenye udongo wa chumvi. Hapa ndipo ninapoivulia kofia kazi ya pointi huru za uhakiki, kazi ambayo hakuna anayeipigia makofi. Ramani ikishakamilika, kompyuta huchota pointi kwa bahati nasibu ndani ya kila aina, tuseme 100 kwa mikoko na 100 kwa mpunga. Kisha mtu hukaa na picha zenye mwonekano mkali zaidi, au hupanda mtumbwi, akaamua kila pointi ni nini bila kuonyeshwa ramani ilisema nini. Pointi zinazoangukia mpakani, nusu mkoko nusu tope, zinakera, na kishawishi cha kuzitupa ni kikubwa. Azitupe, usahihi utapanda, na ramani itabaki vilevile.

Majibu huingia kwenye jedwali la mkanganyiko. Kati ya pointi 100 ambazo ramani iliziita mikoko, tuseme 78 ni mikoko kweli na 15 ni mpunga. Zilizobaki ni tope na minazi. Tofauti kati ya 97 na 78 inadokeza kwamba msitu ulikariri, na zile 15 zinasema wapi pa kushika. Mpunga huvunwa na shamba likabaki wazi, ilhali mikoko ni kijani mwaka mzima. Kwa hiyo naongeza picha za misimu tofauti, na mawingu ya masika yakiziba, picha za rada za Sentinel-1. Nachora poligoni nyingi ndogo, hasa penye mikandaa mifupi, nachukua pikseli chache kwa kila moja. Kisha nauzuia mti usigawanyike hadi pikseli mojamoja:

```
ee.Classifier.smileRandomForest({
  numberOfTrees: 200,
  minLeafPopulation: 5
})
```

Usahihi juu ya data za mafunzo utashuka, na sijali. Ninachotazama ni kama pengo kati yake na usahihi wa pointi huru limepungua. Tatizo ni kwamba pointi zilizonionyesha kasoro sasa zimeshiriki kuirekebisha ramani, na nikizipimia tena zitanipendelea. Inabidi kuchota nyingine mpya, na kukaa upya kuzitazama moja baada ya nyingine.