Kabla Simu za Mpofi Hazijasasishwa

Timu inayokwenda Mpofi, mpakani mwa Masisi na Walikale, kuandikisha kaya zilizokimbia vita hubeba simu za Android zenye KoboCollect. Mtandao wa huko si wa kutegemea, kwa hiyo fomu hujazwa bila intaneti, hukaa ndani ya simu, na hutumwa siku simu itakapopata mawimbi. Usiku wa kuamkia safari simu hizo huachwa zikichajiwa ofisini Goma, zikiwa zimeunganishwa na Wi-Fi. Hapo ndipo Play Store inapofanya kazi yake bila kumuuliza mtu. Asubuhi programu ni toleo jipya, na mkusanya takwimu anakutana nalo kwa mara ya kwanza mbele ya mama anayejibu maswali huku mtoto akilia mgongoni.

Maelezo ya toleo yalikuwepo siku zote. Shida ni kwamba huandikwa kwa mpangilio wa kazi ya watengenezaji: kilichoongezwa, kilichorekebishwa, kilichoondolewa. Msimamizi wa timu anataka kujua mambo mengine kabisa. Nini kitabadilika mkononi mwa mtu wangu? Nini kinaweza kuharibika? Nifanye nini kabla sijabonyeza? Kuyageuza maelezo yale yawe majibu ya maswali haya ni kazi ya saa moja au mbili, nami nitaionyesha kwa mabadiliko mawili ambayo KoboCollect imeyapitia kweli.

Kwanza ni kujua usome kitu gani. KoboCollect imejengwa juu ya programu nyingine, ODK Collect, ambayo mradi wake ulianza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Kobo yenyewe ilianzishwa na Patrick Vinck na Phuong Pham, watafiti waliofanya tafiti za maoni ya wananchi kaskazini mwa Uganda na huku mashariki mwa Kongo. Matokeo yake ni kwamba badiliko kubwa huonekana kwanza kwenye maelezo ya ODK Collect, kisha hufika KoboCollect baadaye kidogo. Anayesoma upande wa Kobo tu hupata muhtasari; anayesoma pande zote mbili hupata sababu. Lakini asichanganye programu zenyewe: ni mbili tofauti, kuweka moja hakusasishi nyingine, na fomu zilizo ndani ya moja hazihamii kwa mwenzake.

Pili ni kujua uanzie wapi. Namba ya toleo iko kwenye skrini ya kwanza ya programu. Ukikuta simu moja ina toleo la 2022 na nyingine la 2023, basi unasoma maelezo ya matoleo yote kuanzia lile lililo kongwe zaidi mikononi mwa timu hadi jipya. Wengi husoma ukurasa wa toleo la mwisho peke yake, na jambo zito huwa limetangazwa matoleo mawili nyuma.

Halafu unachuja. Mistari mingi huondoka haraka: maktaba za ndani zilizosasishwa, tafsiri za lugha usizotumia, hitilafu za aina ya maswali ambayo fomu zako hazina. Fomu yako haina ramani? Kila kinachohusu ramani kinatoka. Kinachobaki unakipitisha kwenye njia ya mkono wa mkusanyaji: anafungua, anajaza, anahifadhi, msimamizi anakagua, fomu inatumwa. Mstari usiogusa hatua yoyote kati ya hizo haumhusu mtu wa Mpofi, hata kama watengenezaji wameuandika kwa fahari. Mstari unaogusa hatua ya kuhifadhi au kutuma usomwe mara mbili, hata kama ni mfupi.

Mwaka 2023 ulikuja mstari wa namna hiyo. Hadi wakati huo, ukifika mwisho wa fomu ulikuta kisanduku `Mark form as finalized`. Ukiweka alama, fomu ilihesabiwa imekamilika. Lakini kukamilika huko hakukuwa kufungwa: kabla haijatumwa, ungeweza kuingia `Edit Saved Form`, ukaifungua na kurekebisha umri wa mtoto au jina la kijiji alikotoka. Toleo jipya liliondoa kisanduku na kuweka vitufe viwili, `Save as draft` na `Finalize`. Kwenye skrini ya kwanza nako, `Edit Saved Form` ikawa `Drafts`, na mahali pa kutuma fomu pakawa `Ready to send`. Kwenye simu iliyowekwa Kifaransa rasimu hizo utazikuta chini ya `Brouillons`. Na fomu iliyopitishwa kwenye `Finalize` haikufunguka tena kwa kurekebishwa. Uliweza kuitazama tu.

Kwa mtengenezaji, huo ni usafi: fomu ama ni rasimu ama imekamilika. Kwa timu ya Mpofi, ni mfumo mzima wa jioni unaovunjika. Desturi ya timu nyingi ni kwamba wakusanyaji wanakamilisha fomu mchana, jioni wanakaa na msimamizi, anazifungua moja moja, anauliza, anasahihisha, ndipo zinaachwa zingoje mtandao. Baada ya sasisho, msimamizi anafungua simu jioni na kukuta fomu zote ziko `Ready to send`, zimefungwa. Kosa analoliona halirekebishiki ndani ya simu. Itabidi lisubiri lifike kwenye seva, na huko lirekebishwe na mtu mwenye ruhusa ambaye hakuwepo kwenye mahojiano.

Dawa inayokuja haraka akilini ni kuwaambia wakusanyaji wote wabonyeze `Save as draft`. Ni dawa sahihi nusu. Rasimu haitumwi. Kama baada ya ukaguzi hakuna aliyerudi kuikamilisha, itabaki ndani ya simu hata simu ikifika Goma na kupata mtandao mzuri. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea, kwa sababu kwa programu hakuna kosa. Dalili iliyo wazi zaidi iko nje ya simu: daftari la mkusanyaji linaonyesha kaya alizotembelea, seva inaonyesha pungufu. Kwa hiyo muhtasari wangu wa mstari huo haungeishia kwenye majina mapya ya vitufe. Ungesema rasimu hukaguliwa jioni, na siyo fomu zilizokamilika. Kwamba msimamizi mwenyewe ndiye abonyeze `Finalize` baada ya kukagua. Na kwamba kila asubuhi idadi ya rasimu isomwe kwa sauti kabla timu haijatawanyika.

ODK waliliona pengo hilo, na mwaka huohuo wakaleta njia ya kukamilisha rasimu zote kwa mkupuo. Nayo ina sharti lake. Rasimu yenye jibu la lazima lililoachwa wazi, au jibu linalovunja kanuni ya fomu, hukataliwa na kubaki palepale kwenye rasimu. Msimamizi akibonyeza na kuondoka bila kutazama orodha tena, ataamini zote zimekwenda.

Badiliko la pili ni la nyuma kidogo, la mwaka 2020 na 2021, na ndilo ninaloona la hatari zaidi kwa sababu halikugusa kitufe chochote. Google ilikuwa inazibana programu za Android zisiandike mafaili popote zitakapo kwenye simu. ODK Collect, na KoboCollect nyuma yake, zikahamisha fomu kutoka folda ya kawaida hadi folda ya ndani ya programu. Kwa ODK Collect njia zilikuwa hivi, ya zamani juu na mpya chini:

```
/sdcard/odk
/sdcard/Android/data/org.odk.collect.android/files
```

Aliyesoma mstari huo haraka aliona anwani ya folda tu. Lakini folda ya zamani ilikuwa ya simu: ukiondoa programu, fomu zilibaki. Folda mpya ni ya programu: ukiiondoa, Android inafuta kila kilichomo, pamoja na fomu ambazo hazijatumwa. Sasa fikiria dawa ambayo kila fundi wa simu huitoa programu inapokwama: ondoa, weka upya. Kabla ya badiliko hilo ushauri huo ulikuwa mzuri. Baada yake unaweza kufuta kazi ya wiki nzima, na watu waliohojiwa pengine wameshakimbilia kijiji kingine, hawapatikani kuulizwa tena. Zaidi ya hayo, kuanzia Android 11 folda hiyo haifunguki kwa programu za kawaida za mafaili, kwa hiyo fundi aliyezoea kunakili fomu kwenye kadi kama akiba huikuta njia yake imefungwa.

Unganisha hilo na tabia moja ya Android ambayo maelezo ya toleo hayaitaji, kwa kuwa si ya KoboCollect peke yake. Simu haikubali kuweka toleo la zamani juu ya jipya. Ukitaka kurudi nyuma lazima uondoe jipya kwanza, na kuondoa ni kufuta. Hivyo anayesasisha akiwa na fomu ndani ya simu, kisha asipende alichokikuta, hana njia ya kurudi nazo. Muhtasari usiosema hivyo haujakamilika, hata kama umetafsiri kila mstari kwa usahihi.

Karatasi inayotoka kwenye kazi yote hii ni ya nusu ukurasa. Kwa sasisho la 2023, ningeiandika hivi:

> Kilichobadilika: mwisho wa fomu kuna vitufe viwili, Save as draft na Finalize. Ukibonyeza Finalize, hurekebishi tena. Kinachoweza kuharibika: ukaguzi wa jioni, na rasimu zitakazosahaulika, maana rasimu haitumwi. Kabla ya kusasisha: kamilisha na tuma fomu zote, linganisha idadi ya seva na daftari, zima sasisho la moja kwa moja Play Store, sasisha simu moja kwanza. Usiondoe programu kwenye simu yoyote yenye fomu ambazo hazijatumwa.

Simu hiyo moja ndiyo inayoithibitisha karatasi. Ijazwe fomu halisi ya mradi, ihifadhiwe rasimu, izimwe intaneti, ikamilishwe, iwashwe intaneti, itumwe, kisha itazamwe kwenye seva kama imefika na picha zake. Kama timu imewasha kutuma moja kwa moja, jaribio lifanyike pia na hali hiyo, kwa sababu fomu iliyokamilishwa kwa bahati mbaya huondoka mara mtandao unapopatikana. Karatasi ikisema jambo moja na simu ikaonyesha jingine, inayorekebishwa ni karatasi.

Kuzima sasisho la moja kwa moja ni rahisi: fungua ukurasa wa KoboCollect ndani ya Play Store, bonyeza nukta tatu juu kulia, ondoa alama kwenye `Enable auto update`. Ifanywe simu kwa simu, Goma, kabla ya safari. Na kama `Drafts` au `Ready to send` bado ina fomu hata moja, simu hiyo isisasishwe.