Mkono wa Anayepima

Fundi hodari wa oskiloskopu namtambua kabla hajagusa saketi. Kwanza hushikiza probu kwenye pini iliyo mbele ya chombo, itoayo wimbi mraba la kilohezi 1, kisha kwa bisibisi ya plastiki huzungusha skrubu ndogo ya probu taratibu. Pembe za wimbi zikiviringika, fidia ni pungufu. Zikichomoza juu, imezidi. Haachi mpaka zinyooke.

Utulivu huo una sababu. Ndani ya probu ya mara 10 mna rezista ya megaomu 9, na mlango wa oskiloskopu una megaomu 1. Volti iliyotulia hugawanywa na rezista hizo. Wimbi la kasi halizisubiri. Hupita kwenye kapasita. Tuseme kebo na mlango kwa pamoja vina pikofaradi 108. Basi kapasita ya nchani lazima iwe na 12, ili nayo igawanye kwa 10 vilevile. Skrubu ile ndiyo inayosawazisha uwiano huo. Ukiupuuza, volti ya betri itasomeka sawasawa, lakini kimo cha wimbi la megahezi 16 kitakuwa cha uongo.

Hata hivyo, fidia haiondoi mzigo, na hapa ndipo ninapouheshimu zaidi ufundi huu. Saketi ikiguswa na probu yetu huona takriban pikofaradi 11. Zile megaomu 10 zinazotajwa kwenye probu ni za volti iliyotulia. Kwa megahezi 16, pikofaradi hizo huzuia mkondo kwa omu 900 tu.

Chukua kristali ya megahezi 16 yenye kapasita mbili za pikofaradi 22, moja kila mguu. Kwa pamoja huipa kristali mzigo wa 11. Gusa mguu mmoja kwa probu, na mzigo unakuwa zaidi ya 13: kristali inapunguza kasi kidogo. Swichi ya probu ikiwa kwenye mara 1, kebo nzima huongeza pikofaradi 100 hivi, na mtetemo unaweza kuzimika kabisa. Asiyejua atabadilisha kristali nzima. Ajuaye hupima kwenye pini ambayo mikrokontrola hutolea saa ya kristali hiyo kupitia bafa, kwa sababu bafa ina nguvu ya kubeba probu.

Waya mrefu wa ardhi nao huongeza mtikisiko kwenye ukingo wa wimbi; tumia springi fupi shingoni mwa probu.

Ukishuku kipimo, gusa mahali palepale kwa probu ya pili iliyofidiwa huku ukitazama wimbi la ile ya kwanza. Likibadilika, jua kwamba hata probu ya kwanza ilikuwa imekwisha kulibadilisha. Na ukihamishia probu kwenye mlango mwingine, ifidie upya, kwa kuwa milango hailingani pikofaradi.