Kutoka MOTO hadi MAJI kwa hatua nne: uchambuzi wa gofu ya maneno

Gofu ya maneno ni fumbo ambalo mchezaji hupewa neno la kuanzia na neno la kufikia, kisha hutakiwa kuligeuza la kwanza kuwa la pili kwa kuongeza, kuondoa au kubadili herufi moja kwa kila hatua, kwa sharti kwamba kila kinachopatikana njiani kiwe neno linalotumika katika lugha. Mchezo huu umetokana na ule aliouchapisha mwandishi Mwingereza Lewis Carroll katika jarida la Vanity Fair mwaka 1879, ambao uliruhusu kubadili herufi tu, na jina la gofu linaueleza vyema kwa kuwa, kama ilivyo katika gofu ya uwanjani, mshindi ni yule aliyetumia mapigo machache zaidi.

Fumbo la kugeuza MOTO kuwa MAJI linaonyesha vizuri jinsi jibu fupi linavyotafutwa na, lililo gumu zaidi, jinsi linavyothibitishwa kuwa haliwezi kufupishwa tena. Kazi huanza kwa kukadiria kima cha chini, yaani idadi ya hatua ambayo hakuna njia inayoweza kupungua. Neno MAJI lina herufi tatu zisizokuwemo katika MOTO, nazo ni A, J na I, na kwa kuwa hatua moja haiwezi kuingiza zaidi ya herufi moja mpya, hatua haziwezi kuwa chini ya tatu. Kima hiki hulingana na kipimo kiitwacho umbali wa Levenshtein, kilichopewa jina la mwanahisabati wa Kisovieti Vladimir Levenshtein, aliyekieleza mwaka 1965: ni idadi ndogo kabisa ya mageuzi ya herufi kati ya maneno mawili, bila kujali kama yanayopatikana katikati yana maana.

Hata hivyo, fumbo hujali maana, na hapo ndipo umbali na njia halisi huachana. Njia ya hatua tatu ingelazimika kuingiza herufi mpya katika kila hatua, na kwa kuwa maneno yote mawili yana herufi nne, hatua zote zingekuwa za kubadili, bila nafasi ya kuongeza wala kuondoa. Kwa hiyo neno la mwisho kabla ya MAJI lingekuwa MOJI, MATI au MAJO, na hakuna hata moja kati ya hayo lililomo katika msamiati wa kawaida wa Kiswahili sanifu. Mchezaji anayekubali maneno ya lahaja angeweza kuanza na MATO, ambalo ni macho katika Kiamu, lakini bado angekwama katika hatua ya pili, kwa sababu kutoka hapo angehitaji MATI au MAJO. Njia ya hatua tatu, basi, haipo.

Njia ya hatua nne hupatikana kwa kutafuta kutoka pande zote mbili kwa zamu. Majirani wa MOTO, yaani maneno yaliyo umbali wa hatua moja, ni pamoja na JOTO, MOYO, MTOTO na MTO. Wa MAJI ni pamoja na TAJI, MLAJI na MJI. Pande hizo zikipanuliwa kwa hatua moja zaidi, MTO huzaa MTI, na MJI nao huzaa MTI, hivyo tafutizi mbili hukutana na jibu hukamilika: MOTO, MTO, MTI, MJI, MAJI.

Linaloficha jibu hili ni hatua yake ya kwanza. Kutoka MTO hadi MAJI umbali bado ni tatu, sawa na kutoka MOTO, kwa hiyo anayechagua kila mara neno linalofanana zaidi na lengo hawezi kuona faida ya kuondoa O. Faida yake ni kwamba M inayosimama kama silabi mbele ya konsonanti hufungua kundi la maneno mafupi, kama MTO, MTI, MTU, MJI na MKE, ambamo kubadili herufi moja huzaa neno jingine kwa urahisi kuliko katika maneno marefu.

Tahajia nayo ina milango yake. Kwa kuwa C haiandikwi bila H katika Kiswahili sanifu, neno lenye CH haliwezi kupatikana kwa kubadili konsonanti ya kawaida mara moja, bali mara nyingi hupitia neno lenye H, kama HAPA inavyokuwa CHAPA na HAI inavyokuwa CHAI. Ndiyo maana wachezaji hupaswa kukubaliana mapema kama CH ihesabiwe herufi moja au mbili na kama maneno ya lahaja yanaruhusiwa, kwa sababu idadi ya hatua huwa sahihi kwa kamusi na kanuni zilizochaguliwa tu.