Seli ya Kwanza Haitoshi

Ukitaka kujua kama aliyefanya zoezi la Eksel ameelewa marejeo ya seli, usiishie kwenye seli aliyoandika fomula mwenyewe. Nenda kwenye ya mwisho aliyoiburutia. Chukua zoezi la mauzo ya maduka manne: C2 hadi C5 zina 400, 300, 200 na 100, kwa maelfu ya shilingi, na C6 ina jumla yake, 1,000. Swali linataka mchango wa kila duka kwa asilimia. Kwenye D2 imeandikwa hivi:

```
=C2/SUM(C2:C5)
```

Seli ikiwa kwenye muundo wa asilimia, inatoa 40, jibu sahihi. Ikiburutwa hadi D5, maduka yaliyobaki yanapata 18.75, 15.4 na 9.1. Hakuna seli inayolalamika, namba zinashuka kama inavyotarajiwa, na hiyo 9.1 iko jirani na 10 iliyotakiwa. Msahihishaji mwenye haraka ataweka tiki.

Lakini jumlisha safu ya D: inafika 83 na ushee, na michango ya maduka yote lazima itimie 100. Sasa bofya D5 na ubonyeze F2, Eksel izungushie rangi seli zinazotumika. C5 iko mahali pake. Fungu la SUM, kwa upande wake, limeteremka hadi C5:C8, na humo ndani limeibeba jumla ya C6, hivyo 100 imegawanywa kwa 1,100. Hapo ndipo ubaya wa kosa hili ulipo: bila ile jumla, D5 ingeonyesha asilimia 100 na kila mtu angeshtuka.

Dawa ni kuzifunga namba za mistari kwa alama ya dola:

```
=C2/SUM(C$2:C$5)
```

C2 ya mwanzo inaachwa huru kwa sababu kila duka lina mauzo yake. Dola mbele ya herufi C haina kazi hapa, maana tunaburuta kwenda chini tu. Ingehitajika kama tungeburuta kwenda kulia.

Kufunga peke yake hakutoshi kama fungu lenyewe lina kasoro. Likifungwa C$2:C$6, jumla inahesabiwa mara mbili na asilimia zote zinakuwa nusu: 20, 15, 10 na 5, jumla 50 kamili. Likiishia C$4, duka la mwisho linaachwa nje ya kigawanyo na jumla inapanda hadi 111. Kwa hiyo 50 kamili inaashiria jumla iliyoingizwa kwenye fungu, na iliyozidi 100 inaashiria fungu lililokatwa.

Kipimo hiki kina kikomo chake. Kama safu ya B ina manunuzi na mtu akaandika B mahali pa C kote, asilimia zitatimia 100 bila dosari. Kosa hilo halionekani kwenye jibu. Utaliona kwa F2 tu, ukilinganisha visanduku vya rangi na kichwa cha safu.