Chupa ya Walikale, Kilima cha Masisi

Picha ya kuchomekea, yaani picha fupi ya kitu kingine inayowekwa juu ya mahojiano huku sauti ya msemaji ikiendelea, ni njia ya zamani ya kuficha kisichotakiwa, lakini katika filamu ya hali halisi kuhusu machimbo ya Bisie, Walikale, ilitumika vibaya kiasi cha kuharibu ushahidi wenyewe. Sauti ilinaswa vizuri na rangi zimesawazishwa kwa ustadi. Tatizo ni sekunde nne za picha hiyo ya kuchomekea.

Chupa ya plastiki ilisahauliwa kwenye ukingo wa kulia wa picha, na mhariri, ili kuifunika, aliuondoa uso wa mchimbaji pale pale alipoanza kueleza jinsi magunia ya kasiteriti, madini yanayotoa bati, yalivyobebwa mgongoni kupita msituni. Badala ya uso, kikaonekana kilima chenye nyasi ambako watu wanaosha mchanga mweusi kwenye mteremko ulio wazi. Mkazi yeyote wa Kivu Kaskazini anatambua kwamba hapo ni Rubaya, Masisi, nchi ya malisho na koltani, wala si Walikale yenye misitu mizito, ambako kasiteriti ya Bisie ilichimbwa kwenye mashimo marefu chini ya ardhi. Chupa haikudanganya mtu. Kilima kimedanganya, na kimewapa wabishi sababu ya kutilia shaka hata maneno ya mchimbaji.

Kuifuta chupa kusingekuwa kazi ngumu, kwa kuwa kamera ilisimama kwenye tripodi na hakuna kilichopita mbele ya chupa: fremu moja safi, iliyopigwa kabla chupa haijawekwa, ingetosha kufunika fremu zote 100 za sekunde hizo nne, kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde. Hata hivyo, kufuta hakuruhusiwi katika kazi inayodai kuwa ushahidi. Mwezi Januari 2014 shirika la Associated Press lilikatisha uhusiano na mpiga picha Narciso Contreras kwa sababu alifuta kamera ya mwenzake kwenye kona ya picha ya Syria, ingawa kamera hiyo haikubadilisha habari hata kidogo.

Mhariri basi alikuwa na haki ya kukataa kufuta, ila uvivu wa siku hizi wa kuondoka machimboni bila kupiga picha za mikono, zana na njia ndio uliomsukuma kuazima za Masisi. Angalau angeweza kuonyesha wazi kwamba amekata: Errol Morris, katika filamu yake ya mwaka 2003 kuhusu Robert McNamara, aliyaacha wazi makato ya mahojiano, picha ikaruka na mtazamaji akajua kwamba pamekatwa.

Ilikuwapo njia nyepesi zaidi. Chupa ilikaa ndani ya sehemu ya kumi ya upana wa picha, kwa hiyo kuikuza picha hadi asilimia 112 na kuisogeza kulia kungeitoa nje ya fremu, na kama ilipigwa kwa upana wa pikseli 3840 kwa filamu ya pikseli 1920, ukali wake usingepungua. Hatari ya kupunguza upande wa kulia ni kumnyima msemaji nafasi anakotazama, lakini mchimbaji huyu alitazama kushoto.